Uzi: Mpishi wa harusi na mpiga picha kutumiana wateja, Lubumbashi. Asilimia 10 kila mmoja ni haki?

SufuriaMoto
Habari za jioni wote. Ninapika kwenye harusi hapa Lubumbashi, na kuna mpiga picha tunayekutana naye ukumbini karibu kila Jumamosi ya kiangazi. Tumeamua tuanze kutumiana wateja na kugawana gharama za kujitangaza. Rasimu yetu ni hii, naomba muikosoe kabla hatujatia sahihi:

1. Anayetuma mteja analipwa asilimia 10 ya bei ambayo mteja amekubali.
2. Analipwa siku mteja anapotoa avansi.
3. Gharama za matangazo na kadi tunagawana nusu kwa nusu.
4. Tunatoa hati moja ya bei yenye majina yetu mawili, chakula na picha pamoja.
5. Kila mmoja anampa mwenzake namba za simu za wateja wote wa mwaka jana.

Mfano wa kazi zetu: mimi wageni 250 kwa dola 8 sahani, yeye dola 450 na albamu ndani yake.

BwanaHarusi_Agosti
Dola 8 sahani, vinywaji vimo? Mimi nina wageni 150, tarehe ya Agosti. Na huyo wa picha anaweza kushuka mpaka 350?

SufuriaMoto
Kaka, karibu, lakini hapa tunaongelea makubaliano kati yetu wawili. Niandikie pembeni tuongee. Vinywaji havimo.

Kijana_Golf
Mama, naona rasimu iko sawa. Asilimia 10 kwa 10, kila mmoja anatoa kile kile. Kama inauma, ongeza asilimia 10 kwenye bei ya sahani, iwe dola 8.80, na mteja ndiye atakayelipa komisheni. Wafanyabiashara wengi wanafanya hivyo.

Mhesabu_Kampemba
Kijana, namba ni moja lakini mifuko si mmoja. Tupige hesabu kwa mfano wa Mama mwenyewe.

Wageni 250 kwa dola 8 ni dola 2,000. Tuseme soko lote, yaani nyama, kuku, samaki, unga, sombe, mafuta na viungo, linakula 1,180. Makala, kukodi mbabula kubwa na gari la kubebea ni 120. Wapishi na wahudumu wa meza ni 260. Jumla 1,560, zinabaki 440.

Mpiga picha anachukua 450. Msaidizi wake 50, albamu na kusafisha picha 75, usafiri na vitu vidogo 25. Jumla 150, zinabaki 300.

Sasa weka asilimia 10 ya bei. Mpiga picha akimtuma mteja kwa Mama, Mama anatoa 200 katika zile 440, karibu nusu ya jasho lake. Mama akimtuma mteja kwa mpiga picha, mpiga picha anatoa 45 katika 300, hata sehemu ya sita haifiki. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya pesa ya mpishi inapita tu mkononi mwake, inakwenda sokoni. Ya mpiga picha inabaki kwake zaidi. Komisheni ya bei inampiga yule ambaye bei yake imejaa vitu vya kununua.

Na ile dola 8.80 ni kweli nusu. Kwa mpiga picha inaweza kupita, kwa sababu watu hawalinganishi picha kwa bei peke yake, wanaangalia kazi. Lakini kamati ya harusi inaweka wapishi watatu mezani na kulinganisha bei ya sahani, senti kwa senti. Kwa wageni 250, hizo senti 80 ni dola 200. Mweka hazina wa kamati ataziona kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

SufuriaMoto
Yaya, sikuwa nimeiona hivyo. Basi asilimia 10 ya kinachobaki? Mimi natoa 44, yeye 30.

Mhesabu_Kampemba
Kwa haki ndiyo, kwa kutekeleza hapana. Ili kulipa asilimia ya kinachobaki, lazima umfungulie mwenzako daftari la soko kila mara, na hapo ugomvi unaanzia kwenye bei ya kuku. Wekeni kiasi kisichobadilika, karibu na hizo namba. Wewe unamlipa dola 20 kwa kazi ya chini ya sahani 100, 30 kuanzia sahani 100, na 40 kuanzia 200. Yeye anakulipa 30 kwa harusi nzima yenye albamu, 10 kwa kazi ndogo ya saa chache. Hesabu sahani zilizolipwa mwishoni, siyo zile za kikao cha kwanza. Kamati inaanza na wageni 250, michango haifiki, mnaishia 180.

LenziYaKatuba
Mimi ni mpiga picha, ila siye huyo wa Mama. Kiasi kisichobadilika nakiunga mkono. Swali langu ni nani atamtuma nani. Kwa desturi ya hapa, bibi na bwana harusi wanatafuta mpiga picha mapema, mara nyingi wanataka picha za kuweka kwenye kadi ya mwaliko. Chakula kinaamuliwa na kamati pamoja na wazazi, michango ikishaanza kuingia. Kwa hiyo mimi namfikia mteja miezi mitatu kabla, mpishi anamfikia wiki tano kabla. Mpishi akinitumia mteja wakati huo, mara nyingi nakuta mpiga picha amekwishapatikana. Naona mimi nitatuma sana na kupokea kidogo.

SufuriaMoto
Hapo umesahau mahari, kaka. Siku ya mahari watu 50 au 60 wanakula, na mara nyingi hapo hakuna mpiga picha, ni simu za mashemeji tu. Mimi naingia kwa mama wa binti siku hiyo, harusi bado iko mbali. Nafasi yangu ya kutuma iko pale, siyo kwenye kamati.

LenziYaKatuba
Hiyo ni kweli, nakubali. Basi andikeni kwenye makubaliano kwamba mpishi anataja jina la mpiga picha kwenye kikao cha mahari, na mpiga picha anataja mpishi siku anapokabidhi picha za mwaliko. Mkiandika tu "tutatumiana wateja", kila mtu atakumbuka siku amechelewa.

Sono_Ruashi
Minaona munasahau bantu ya sono, benye kupiga muziki! Sisi njo tunajua harusi yote ya mji. Mutuingize na sisi, tukuwe batatu.

Mhesabu_Kampemba
Kaka Sono, wawili kwanza. Wakiwa watatu, mteja mmoja anaweza kudaiwa na wawili, kila mmoja akisema "ni mimi niliyemtuma". Hilo hata kwa wawili lina shida, na ndipo mapatano mengi ya namna hii yanavunjika. Mteja alisikia jina la mpishi kwa shangazi, akaona kadi ukumbini, kisha mpiga picha akamtajia. Nani amemtuma?

Kanuni inayoshikika ni ya tarehe. Anayetuma anaandika jina la mteja, tarehe ya harusi na mtaa kwenye ujumbe wa WhatsApp kwa mwenzake kabla mteja hajaulizia bei. Mwenzake anajibu siku hiyo hiyo "mpya" au "ninaye". Akijibu "ninaye", hakuna deni. Akinyamaza siku mbili, anahesabiwa amesema "mpya". Na jina linakufa baada ya siku 90 kama mteja hajatia sahihi. Huna haja ya kumuuliza mteja nani alimleta, kwa sababu mteja atajibu kwa kumfurahisha aliye mbele yake.

KaratasiTatu
Naongeza juu ya namba 4 na 5 za rasimu, maana hapo ndipo naona hatari.

Namba 4, hati moja yenye majina mawili. Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria yake ya makampuni inatambua ushirika usioandikishwa popote. Kwa kawaida kila mshirika anawajibika kwa mkataba alioufanya kwa jina lake. Lakini mkijionyesha wazi mbele ya mteja kama washirika, mnabeba madeni ya kila mmoja kwa pamoja. Kwa lugha ya jikoni: kadi ya kamera ikiharibika na picha zikapotea, mteja ana njia ya kumdai mpishi. Nyama ikichacha, ana njia ya kumdai mpiga picha. Kwa hiyo hati mbili, sahihi mbili, risiti mbili, avansi mbili. Kadi ya kujitangaza inaweza kuwa na majina mawili, lakini msiandike "sisi washirika". Andikeni "tunapendekeza".

Namba 5 iondoeni kabisa. Tangu Machi 2023 tuna Kode ya Dijitali, na ndani yake kuna sura ya kulinda habari za watu. Namba ya mteja wa mwaka jana alikupa wewe kwa ajili ya chakula. Na hata bila sheria, mteja wa mwaka jana amekwishaoa! Unampa mpiga picha orodha ya watu wasiohitaji mpiga picha. Kwa mteja mpya, muulize "nimpe namba yako?" na atajibu kwa ujumbe. Ujumbe huo uuhifadhi.

SufuriaMoto
Nimecheka hapo kwa "amekwishaoa". Namba 5 imekufa. Lakini wateja wanapenda bei moja, wanasema wamechoka kukimbia kwa watu kumi.

KaratasiTatu
Waandalie karatasi mbili ndani ya bahasha moja, mama. Punguzo kama lipo, kila mmoja alitoe kwenye karatasi yake: "dola 15 pungufu ukileta hati iliyosainiwa na fulani". Ila msimpokelee mwenzako pesa. Mama akipokea avansi ya wote wawili Ijumaa na Jumamosi asubuhi kuku wakipanda bei, pesa ya mpiga picha itapikwa.

Kijana_Golf
Hahaha, itapikwa na kuliwa. Na dola yenyewe ikiwa na kachaniko kidogo, nani anabeba hasara? Sokoni wanaikataa.

KaratasiTatu
Aliyeipokea. Sababu nyingine ya kila mtu kupokea zake.

Mhesabu_Kampemba
Na namba 2 ya rasimu, kulipa komisheni siku ya avansi, ibadilisheni. Avansi ya mpishi haijawa pesa yake, ni ya soko. Harusi ikisogezwa mbele kwa sababu ya msiba, au ikivunjika, utakuwa umemlipa mwenzako kwa kazi ambayo haipo, na kumwomba arudishe ni uchungu. Lipaneni baada ya mteja kumaliza malipo yake. Na msilipane kila mteja, fungeni hesabu mwisho wa mwezi. Mfano: Julai mpiga picha ametuma kazi mbili, sahani 220 na sahani 120. Mama anadaiwa 40 na 30, jumla 70. Mama ametuma harusi tatu za albamu, mpiga picha anadaiwa 90. Mpiga picha anampa Mama 20, basi.

Kwenye Excel, safu D iwe sahani za mwisho, safu F iwe NDIYO mteja akimaliza kulipa. Upande wa deni la Mama:

```
=SI(F2="NDIYO";SI(D2>=200;40;SI(D2>=100;30;20));0)
```

LenziYaKatuba
Kwangu Excel inaikataa.

Mhesabu_Kampemba
Excel yako iko kwa Kiingereza, haijui SI. Na huenda inataka koma badala ya nukta-mkato:

```
=IF(F2="NDIYO",IF(D2>=200,40,IF(D2>=100,30,20)),0)
```

LenziYaKatuba
Imekubali. Aksanti.

MamaKeki
Mimi ninatengeneza keki na nilikuwa na mapatano kama haya na mpiga picha mmoja. Shida haikuwa komisheni, ilikuwa picha za keki. Nilitoa pesa, nikapata picha 200 za bibi harusi na tatu za keki, zote zina rangi ya zambarau. Mama, uliza kuhusu picha za chakula kabla ya yote.

LenziYaKatuba
Mama Keki anasema kweli, na kosa ni la saa kuliko la mtu. Taa za sono zikishawaka, nyama inakuwa ya kijani na wali unakuwa wa buluu. Hakuna kusafisha kutakakorudisha rangi mbili zilizopigana kwenye sahani moja. Chakula kipigwe kabla wageni hawajaingia, taa za rangi zimezimwa, taa nyeupe za ukumbi peke yake au karibu na dirisha. Dakika 15 zinatosha kama meza iko tayari.

Na chakula chetu kina ugumu wake. Bukari ni nyeupe kabisa, sombe ni kijani kinachokaribia weusi. Ukiiachia kamera iamue yenyewe na bukari imejaza picha, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na sombe inakuwa shimo jeusi. Ukiiweka sombe katikati, bukari inaungua, hata mikunjo ya mwiko haionekani. Ninapima mwanga kwenye bukari, naongeza kidogo kwa mkono, kisha naleta mwanga wa pembeni ambao unapita juu ya sombe na kuonyesha mafuta yanavyong'aa. Flashi ya mbele kwa mbele inaua vyote. Na ukifunua chombo cha moto, subiri mvuke wa kwanza uondoke, la sivyo lenzi inapata ukungu na dakika tatu zimekwenda.

SufuriaMoto
Meza kuwa tayari mapema ndilo gumu kwangu. Chakula nakileta kwa kuchelewa makusudi, kisipoe. Nikikifunua kwa dakika 15, kimepoa.

LenziYaKatuba
Usifunue vyote. Niandalie sahani tatu za mfano, zimepakuliwa vizuri, na chombo kimoja kilichojaa. Meza ndefu napiga ikiwa imefunikwa, nafunua kimoja kimoja.

Jambo jingine la saa: kiangazi jua linazama karibu na saa 12 jioni. Mpiga picha anataka maharusi nje kuanzia saa 10 na nusu, na mpishi anasubiri waingie ndipo apakue. Wakichelewa, wageni wananung'unikia chakula, siyo picha. Andikeni kwamba mpiga picha anawaachia maharusi saa 12 kamili, na akichelewa anampigia mpishi kabla makala hayajaongezwa.

SufuriaMoto
Hilo naliweka neno kwa neno. Sasa gharama. Tumepanga siku ya kuonja, maharusi wanane, kila mmoja na mwenzake, na meza ndogo ya albamu. Chakula cha kuonja watu 16 kitanigharimu dola 70. Yeye anachapisha picha za kuonyesha kwa dola 14. Anasema kila mmoja alete chake, tumetoshana.

Mhesabu_Kampemba
Hamjatoshana. Pesa iliyotoka ni 84, nusu yake ni 42. Yeye ametoa 14, akupe 28. Muda wa kila mmoja uachwe nje ya hesabu, kwa kuwa nyote mmeutoa.

LenziYaKatuba
Hapo mimi na wewe hatukubaliani, yaya. Siku hiyo atapiga picha za vyakula vyote, na Mama atazitumia mwaka mzima. Picha hizo kwa bei ya kawaida si bure. Chakula kimeliwa na kuisha, picha zinabaki kwa Mama.

Mhesabu_Kampemba
Na sombe ya Mama inabaki kwenye ukurasa wa mpiga picha. Kama ni picha za kazi, wapatane bei yake pembeni, ziingie kwenye hesabu kama gharama. Tatizo ni kuzikumbuka siku ya kulipana tu.

KaratasiTatu
Kwa vyovyote waandike nani anaweza kutumia picha hizo siku mapatano yakiisha. Mimi ningesema wote wawili, jina la mpiga picha likitajwa, na hakuna kumuuzia mpishi mwingine.

Kijana_Golf
Na mpiga picha akitaka kumtaja mpishi mwingine wa bei nafuu? Mteja wa dola 5 sahani hawezi kwenda kwa Mama.

SufuriaMoto
Mwenzangu naye ameuliza hilo. Ninataka anitaje mimi tu.

Mhesabu_Kampemba
Ukimfunga, mteja wa dola 5 atamdharau yeye, siyo wewe. Mwache awe huru chini ya bei yako ya mwisho, na juu yake akutaje wewe kwanza. Jaribuni kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, kisha mtazame daftari.

LenziYaKatuba
Mimi ningekataa kufungwa hata kwa hilo la juu. Miezi mitatu ya kiangazi ndiyo mwaka wangu.

SufuriaMoto
Rasimu mpya: kiasi kisichobadilika badala ya asilimia, hesabu mwisho wa mwezi baada ya mteja kumaliza kulipa, jina kwa ujumbe na jibu "mpya" au "ninaye", siku 90, hati mbili, saa 12 maharusi ndani, sahani tatu za mfano kwa picha. La kunitaja mimi tu nimeliacha wazi, tutaongea naye Jumapili. Mama Keki, yale mapatano yako yaliishaje?

MamaKeki
Hayajaisha rasmi. Kila mmoja aliacha kumtaja mwenzake, paka vile.